Kuchambua belo la mitumba kwa mkono: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nina kibanda cha nguo za mitumba Mwanakwerekwe, Unguja. Wateja, jirani zangu wa sokoni na vijana wanaotaka kuanza biashara hii huniuliza mambo yale yale kila nifunguapo belo, nami nimeona ni vyema kuyaandika majibu pamoja, ili anayetaka kujua asome kwa nafasi yake badala ya kunisikiliza huku nimeinama juu ya turubai. Ninaposema belo nakusudia robota la nguo lililobanwa na kufungwa kamba kiwandani, ambalo kwa blauzi na mashati mara nyingi huwa la kilo 45.

Ni kweli kwamba unachambua nguo bila ya kuziangalia?

Ni kweli kwa mzunguko wa kwanza tu. Mzunguko wa kwanza ni wa kitambaa, na mzunguko wa pili ni wa hali ya nguo, yaani matundu, madoa, vifungo na zipu, ambayo hayo hayana budi kutazamwa kwenye mwanga wa jua. Watu wengi huanza na macho, na macho huvutwa na rangi na maua, kwa hiyo mtu hujikuta ameweka kwenye fungu la juu blauzi nyekundu inayong'aa ambayo itarudishwa na mteja baada ya wiki tatu. Mimi huutanguliza mkono kwa sababu hauoni rangi wala hausomi jina la kampuni kwenye lebo. Nguo moja huchukua muda wa pumzi moja au mbili, na belo zima la blauzi humalizika katika nusu saa, ukihesabu na muda wa kuzinyoosha zilizosokotana.

Ulijifunza wapi?

Nilijifunza gizani, na hapa sisemi kwa mafumbo. Umeme ulipokatika Unguja yote tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, nilikuwa nimeajiriwa na bi mkubwa mmoja mwenyeji wa Wete aliyekuwa na duka la mitumba lenye mlango mmoja na halina dirisha. Mzigo ulikuwa ukifika jioni, na yeye alitaka uwe umechambuliwa kabla ya alfajiri ili wachuuzi wa rejareja wauchukue mapema. Mafuta ya jenereta yalikuwa ghali na foleni zake ndefu, na mshumaa karibu na rundo la poliesta alikuwa hauruhusu hata kwa dakika moja.

Usiku wa kwanza niliwasha tochi ya simu nikaibana kwa meno. Akaniambia, "Mwanangu, izime hiyo, utamaliza chaji na hutajua kitu. Shika nguo." Akanipa nguo mbili, moja mkono wa kulia na moja wa kushoto, akaniuliza ipi ni ya baridi. Nikamwambia hii ya kulia. Akanipa nyingine mbili. Tulifanya hivyo mpaka kuku wakawika, na kulipokucha alinionyesha mafungu yangu: nilikuwa nimekosea karibu nusu. Baada ya miezi mitatu ya giza nilikuwa nikikosea nguo chache katika kila mia, na umeme uliporudi sikuona sababu ya kubadilisha mtindo.

Mkono unahisi nini hasa?

Unahisi mambo manne, na ninayafuata kwa mpangilio ule ule kila mara kwa sababu mkono uliozoea mpangilio haupotezi muda.

La kwanza ni baridi. Nikiikamata nguo kwa kiganja kizima, kitani huwa baridi kuliko vyote, pamba na viskosi hufuatia, na poliesta nene au sufu huwa na uvuguvugu tangu mwanzo. Sababu ni kwamba nyuzi zinazopenda maji na zilizolala vizuri katika kitambaa huchukua joto la mkono upesi, na zile zenye hewa nyingi ndani yake hulizuia. Jambo hili halitoshi peke yake, kwa kuwa poliesta nyembamba ya kuteleza nayo huanza na ubaridi, lakini ukiendelea kuishika hugeuka na kuwa kama inatoa jasho kiganjani.

La pili ni kukunja. Ninaifumbata sehemu ya nguo kwenye ngumi, nahesabu hadi tano, naachia. Pamba na kitani hubaki na makunyanzi ambayo dole gumba linayahisi kama mistari. Kitani makunyanzi yake ni makali, kama ya karatasi. Poliesta hufunguka kama haikushikwa. Ikifunguka nusu na kubaki na mikunjo laini, mara nyingi ni mchanganyiko wa poliesta na pamba, ambao wazee wetu waliuita tetroni na mafundi cherehani wengi wanauita hivyo hadi leo.

La tatu ni kusugua. Naweka kitambaa baina ya dole gumba na kidole cha shahada na kusugua taratibu, hasa kwapani, kwenye ukosi na mapajani kwa suruali. Hapo nasikilizia unene: kitambaa kilichovaliwa sana huwa chembamba kwapani kuliko mgongoni, na tofauti hiyo vidole huihisi kabla tundu halijaonekana. Nasikilizia pia vijidonge vidogo vya nyuzi. Vijidonge juu ya pamba tupu hung'oka na kuanguka kadiri nguo inavyofuliwa, lakini juu ya tetroni hushikilia, kwa sababu uzi wa poliesta ni mgumu na haukubali kukatika. Nguo ya tetroni iliyokwisha kuota vijidonge haitapona hata ukiinyoa kwa wembe, na mimi huishusha daraja moja kwa moja.

La nne ni kuvuta, nalo nitalieleza mahali pake kwenye nguo za kuvutika.

Wateja wanaita nguo fulani "hariri" lakini wewe unakataa. Utajuaje viskosi?

Swali hili ndilo lenye fedha ndani yake, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Hariri ya kweli katika belo la kawaida ni nadra mno. Kinachoitwa hariri Mwanakwerekwe na Darajani huwa ni poliesta ya satini au ni viskosi. Viskosi hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa, zikayeyushwa kwa dawa na kugeuzwa uzi, kwa hiyo asili yake ni ya mmea kama pamba, hunyonya jasho kama pamba, na huangukia mwilini kwa uzito mzuri ambao pamba haina. Kwa joto letu la kaskazi, mwanamke akiivaa blauzi ya viskosi mara moja atarudi kutafuta nyingine. Mkononi ni baridi, laini, nzito kidogo kuliko unavyotarajia, na ukiikunja inabaki na makunyanzi. Kwa mambo hayo yote mkono usio na uzoefu utasema ni pamba nzuri sana.

Ubaya wake hauonekani mpaka iingie majini. Pamba ikilowa huongezeka nguvu kidogo, na ndiyo maana kanga na shuka hustahimili kupigwa na kukamuliwa miaka na miaka. Viskosi ikilowa hupoteza karibu nusu ya nguvu yake. Mtu anayeikamua kwa kuisokota, kama tunavyokamua kila kitu, huichana kwenye mshono wa bega au kwapani, kisha huileta kwangu akisema nimemuuzia nguo iliyooza.

Namna ya kuhakikisha ni hii. Chomoa uzi mmoja mrefu kutoka kwenye pindo la ndani, ambako sehemu iliyokatwa haijashonwa. Lowesha katikati ya uzi kwa ncha ya ulimi, shika ncha mbili kavu, vuta pole pole. Uzi wa viskosi hukatikia pale ulipolowa. Uzi wa pamba hukatikia penye ukavu, na mara nyingine lazima uvute kwa nguvu ya kushangaza. Poliesta haikatiki kwa urahisi huku wala huko, na itakukata kidole ukiizungusha. Nilipoonyeshwa jambo hili kwa mara ya kwanza nililirudia kwa nyuzi kumi na tano kwa sababu sikuamini.

Siikatai viskosi, naiuza sana. Ila nikimpa mteja namwambia aifue kwenye beseni, aikamue kwa kuibana na si kwa kuisokota, na aianike kivulini. Anayesema hana muda huo namuuzia pamba.

Kwa nini nguo za kuvutika unaziuza kwa bei ya chini hata zikiwa mpya?

Kwa sababu mpira uliomo ndani yake una umri, na umri huo unakwenda hata nguo ikiwa imekaa kabatini. Nyuzi za spandeksi huharibiwa na joto, jua, jasho, mafuta ya mwili na dawa ya kung'arisha nguo. Suruali ya jinzi yenye spandeksi iliyokaushwa kwenye mashine ya joto huko ilikotoka kwa miaka miwili, kisha ikakaa ndani ya kontena lililochomwa na jua baharini na bandarini, inaweza kuonekana mpya kabisa na mpira wake umekwisha kufa.

Mkono unaugundua hivi. Shika kitambaa kwa mikono miwili, shibiri moja baina yao, kivute hadi kikatae, hesabu tatu, kiachie. Kikirudi chote kwa mara moja, mpira u hai. Kikirudi polepole na kuacha tumbo katikati, nguo hiyo itakuwa na magoti yaliyotuna siku ya pili ya kuvaliwa. Wakati wa kuvuta nakisogeza karibu na sikio: mpira uliokufa hutoa mlio mdogo wa kukatika, kama wa jani kavu la mwembe linalokanyagwa mbali. Dalili ya mwisho ni ya macho na vidole kwa pamoja, nayo ni vinyweleo vyembamba vinavyong'aa vilivyochomoza juu ya kitambaa, ambavyo ni ncha za nyuzi za mpira zilizokatika. Nikiviona, siipangi nguo hiyo kabisa kwenye meza ya juu, hata ikiwa na lebo ya dukani inayoning'inia.

Unaweza kutupa mfano wa belo moja, tangu kulifungua hadi kulimaliza?

Nitatoa mfano wa belo la blauzi za kike la kilo 45 nililolinunua kwa muuzaji wa jumla wa Bara. Bei ilikuwa shilingi 420,000 na usafiri hadi kibandani ulikuwa shilingi 25,000, kwa hiyo mtaji wangu ulikuwa shilingi 445,000. Ndani mlikuwa na blauzi 236.

Mzunguko wa mkono ulinipa mafungu manne: pamba na kitani 61, viskosi 47, poliesta 88, na za kuvutika 40. Mzunguko wa macho ukayagawa kila moja. Katika fungu la pamba, 40 zilikuwa safi nikaziuza kwa 6,000 na 21 zilizochuja au kupungua kifungo nikaziuza kwa 3,000. Fungu hilo peke yake lilileta shilingi 303,000. Viskosi zilileta 191,000, kwa sababu zile 25 nzuri ziliondoka kwa 6,000 ndani ya siku nne, lakini kumi zilikuwa zimechanika kwapani tangu zilikotoka. Poliesta, pamoja na wingi wake wote, zilileta 189,000. Za kuvutika zilileta 55,000 tu, kwani 26 kati ya hizo 40 mpira wake ulikuwa umekufa nikazimwaga chini kwa 500.

Jumla ni shilingi 738,000, na baada ya kutoa mtaji ilibaki 293,000 kwa wiki tano, kabla ya kodi ya kibanda na chakula cha mchana. Tazama kwamba pamba ilikuwa kama robo ya nguo zote lakini ilileta mbili ya tano ya fedha. Tazama pia jambo ambalo hesabu hailionyeshi: katika zile viskosi 25 za bei ya juu, nne zilirudishwa kwa malalamiko, nami nikabadilisha. Katika pamba haikurudi hata moja.

Ningezichambua kwa macho tu, ningechanganya pamba na viskosi kwenye fungu moja, na zile za kuvutika zenye maua mazuri ningezipanga mbele kwa 5,000. Nilikwisha kufanya hivyo nilipoanza biashara yangu mwenyewe, na nilimaliza belo nikiwa na fedha pungufu ya mtaji.

Je, nguo inayouzika haraka ndiyo inayodumu?

Mara nyingi sivyo, na kudumu kwenyewe kunategemea nani anavaa na anafanya kazi gani.

Nina wateja wanaolima mwani Paje na Jambiani. Wao wanashinda majini nusu ya siku wakati wa bamvua, na pamba ikilowa maji ya chumvi huwa mzigo, haikauki, na huchubua ngozi. Wanachotaka ni jezi za poliesta za mikono mirefu na suruali za nailoni, ambazo huacha maji zikipungwa mara mbili na hukauka njiani kurudi nyumbani. Poliesta ninayoiona hafifu kwenye meza yangu, kwao ndiyo namba moja, na ninaiwekea fungu lake ndani ya gunia hadi waje.

Vijana wanaofanya kazi katika hoteli za kaskazini huja kutafuta mashati meupe na suruali nyeusi. Hao nawapa tetroni, kwa sababu shati linafuliwa kila siku na lazima asubuhi lionekane limepigwa pasi. Pamba tupu ingewasumbua, na poliesta tupu ingebaki na harufu ya jasho hata baada ya kufuliwa, jambo ambalo poliesta inalo na hakuna sabuni inayoliondoa kabisa.

Kisha kuna desturi zetu, ambazo aliyelifunga belo huko mbali hakuzifikiria. Blauzi isiyo na mikono, iwe ya kitani safi kiasi gani, hapa inalala mezani wiki nzima, na ile ya mikono mirefu isiyoonyesha mwili inapata mteja kabla sijamaliza kuitundika. Kwa hiyo ninapoishika nguo gizani mkono wa pili tayari unatafuta urefu wa mkono wa nguo. Siku kumi za mwisho za Ramadhani kanuni zote hizi hupinduka: watu wanatafuta nguo za watoto za sikukuu, wanataka zing'ae, na satini ya poliesta niliyoshindwa kuiuza tangu Shaaban huondoka kwa siku mbili.

Kwa nini huuzi tena makoti na mikoba ya ngozi bandia?

Kwa sababu ya fedheha niliyoipata. Mwaka mmoja, kabla ya masika, nilinunua belo la makoti mafupi meusi, mazuri, laini, mengine yakiwa hayajavaliwa. Vijana wa bodaboda hupenda koti wakati wa mvua na upepo wa kusi, nikaona nimepata. Niliyafungia ndani nikasubiri msimu. Nilipoyatoa mwezi wa Mei, mikono yangu ilinata. Ngozi ya juu ilikuwa inabanduka vipande vipande kama rangi ya ukuta wenye chumvi, na nilikuwa nimeshamuuzia jirani yangu moja kwa ajili ya safari ya mwanawe. Kijana alifika na mabaka ya kitambaa cheupe mgongoni.

Nilidhani nimeyahifadhi vibaya. Baadaye nilielewa kwamba ngozi bandia ya aina hiyo ni kitambaa kilichopakwa tabaka la plastiki iitwayo poliurethani, na plastiki hiyo huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa, ikivaliwa au isivaliwe. Katika nchi kavu inaweza kukaa miaka mingi. Katika visiwa hivi, ambako hata chumvi mezani hushikana, huenda haraka. Nyayo za baadhi ya viatu vya michezo hutengenezwa kwa kitu hicho hicho, na ndiyo maana kiatu cha mtumba kilichoonekana kipya hubomoka kama mkate wa juzi siku ya kwanza ya kutembelewa.

Dalili zake mkono unazipata mapema: kunata kidogo ukibonyeza kwa dole gumba na kuachia, na vijiufa vyembamba ukikunja mara mbili kwa nguvu. Ngozi ya kweli ukiitazama pembeni palipokatwa ina nyuzinyuzi kama za nyama. Ya bandia ina kitambaa chini na utando juu.

Mkono haukosei?

Unakosea, na unakosea zaidi wakati wa masika. Pamba huvuta unyevu wa hewani, kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake katika hali ya kawaida na zaidi hewa ikijaa maji, ilhali poliesta haichukui hata asilimia 1. Mwezi wa Aprili pamba zote mezani huwa laini, zimelegea, na zinaanza kufanana na viskosi. Wakati huo nguo ninazozitilia shaka naziweka kando, nazipitia tena jua likitoka.

Kitu cha pili kinachodanganya ni dawa ya kulainisha inayotiwa katika kufua huko nguo zinakotoka. Huipa pamba utelezi usio wake. Tone la maji husaidia hapo, kwani pamba hatimaye italinywa na poliesta ya kuteleza italiacha lisimame juu kama shanga.

Cha tatu ni mikono yenyewe. Siku niliyokuna nazi au kupaka mafuta sichambui mpaka nimenawa na kukauka. Kwa upande mwingine, vidole vyangu vimepasuka kidogo kwa kazi, na mipasuko hiyo hunasa kwenye nyuzi za satini ya poliesta. Mwenzangu mmoja hunicheka, lakini ndiyo inayonijulisha upesi kuliko kitu chochote.

Na kupima kwa moto?

Napima, ila kwa uzi mmoja tu, nje ya kibanda, juu ya kisahani. Pamba, kitani na viskosi huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Poliesta na nailoni huyeyuka na kuacha punje ngumu ambayo haipondeki kwa vidole ikipoa. Sufu na hariri ya kweli hunuka nywele zilizoungua. Moto hautakutenganishia pamba na viskosi, kwa hiyo kwa swali hilo rudi kwenye uzi uliolowa. Tetroni huwaka na kuyeyuka kwa pamoja.

Naweza kulipima belo kabla ya kulinunua?

Kidogo sana. Limebanwa na muuzaji hakubali lifunguliwe, na ana haki yake. Unachoweza ni kulinusa kwenye pembe, kwani harufu ya ukungu ikitoka nje, ndani kuna nguo zenye madoadoa meusi ambayo kwenye pamba hayatoki. Tazama kama kamba za kiwandani ni zile zile na hazikufungwa upya, kwa sababu belo lililofunguliwa na kufungwa tena limekwisha kutolewa mazuri yake.

Kumbuka pia kwamba unanunua uzito na unauza idadi. Kilo 45 za blauzi zilinipa nguo 236. Kilo hizo hizo za jinzi hukupa suruali kama 75, pengine pungufu. Wanaoanza hushangaa kwa nini belo la vitambaa vyepesi linaonekana lina faida, kisha hujikuta na rundo la poliesta nyembamba zisizo na mnunuzi.

Nguo za ndani je?

Siuzi. Kuingiza nchini nguo za ndani zilizotumika kumepigwa marufuku na Shirika la Viwango Tanzania, na zikitokea ndani ya belo naziondoa.

Zilizobaki kabisa unazipeleka wapi?

Hapo pia mkono ndio unaoamua. Pamba iliyochakaa, hasa fulana, naikata vipande na kuiuza kwa kilo kwa mafundi wa magari na pikipiki, kwa kuwa inanywa mafuta. Poliesta hawaitaki hata bure, inasukuma mafuta tu huku na huku. Kitani na pamba nene zenye tundu moja huchukuliwa na fundi cherehani wa jirani, anazigeuza nguo za watoto. Vifungo na zipu navikata mimi mwenyewe jioni nikiwa nimekaa, navitia kwenye kopo la maziwa. Zipu ya chuma nzima naiuza shilingi 500, ambayo ni sawa na bei ya blauzi niliyoimwaga chini.